Pailoti ya ushauri nasaha: andikeni kabisa "asilimia ya nani"

Niliwahi kuratibu pailoti ya tiba ya mazungumzo kwenye kliniki moja ya kisukari hapa Dar, na nikwambie tu ukweli, sehemu ngumu haikuwa tiba. Tulitumia muundo wa PM+ wa Shirika la Afya Duniani, vikao vitano, kila wiki kimoja, dakika 90, na anayeviendesha ni mhudumu wa afya wa kawaida aliyepewa mafunzo, si lazima awe saikolojisti. Tulitaka watu 60 ndani ya miezi minne, nusu wapate vikao, nusu waendelee na huduma ya kawaida.

Kuna watu wanadhani pailoti ni ya kuona kama tiba inafanya kazi. Hapana, watu 60 hawatoshi kukujibu hilo, usipoteze muda kutafuta tofauti kati ya makundi. Unachopima ni kama jaribio kubwa litawezekana: watu watapatikana? watakuja? watakubali kuendelea? Ndo maana mnaweka taa tatu kabla ya kuanza, kijani twende, njano twende ila turekebishe, nyekundu tusimame.

Mwezi wa kwanza tulipata watu sita wakati tulitakiwa tupate 15. Meneja akasema tuongeze nauli, mwingine akasema watu hawataki mambo ya "akili". Mimi nikachukua rejista ya uchunguzi, lile daftari ambalo kila aliyeulizwa anaandikwa hata kama hakuingia, na sababu yake. Tulikuwa tumewauliza watu 112 dodoso la PHQ-9, lile la kupima dalili za sonona, 38 wakapata alama 10 kwenda juu, yaani wanafaa, sita tu wakaingia. Wale 32 wameenda wapi? Sasa angalia, 21 mbele ya majina yao kumeandikwa "ameshaondoka". Chumba chetu kilikuwa baada ya dirisha la dawa, na mtu aliyekuja na njaa tangu saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya kupima sukari, akishashika dawa zake anawaza chai na daladala, hawazi wewe na fomu yako ya ridhaa. Tukahamia kwenye benchi la kusubiri faili. Mwezi wa pili 17, wa tatu 16, wa nne 15, jumla 54. Kijani chetu kilianzia 48, tukapita. Bila lile daftari tungeongeza nauli na tusingepata kitu.

Halafu ndo ikaja ile kesi ya mahudhurio. Protokoli, yaani mpango wa utafiti tuliouandika kabla ya kuanza, ilisema kijani ni asilimia 70 wamalize vikao vinne au zaidi, njano 50 hadi 69. Waliopangiwa tiba walikuwa 27, waliofikisha vikao vinne 17. Gawanya, unapata 63, njano. Lakini watatu hawakuja hata kikao cha kwanza, mmoja wa timu akasema hao hawakuanza tiba, tuwatoe, 17 kwa 24 ni kama 71, kijani! Tulibishana siku tatu jamani, kwa sababu hatukuwa tumeandika asilimia ya nani. Ushauri wangu, andikeni "ya wote waliopangiwa", maana kutokuja siku ya kwanza ni jibu tayari. Na msisahau kwamba kwa watu 27 hiyo 63 inaweza kuwa popote kati ya 44 na 78 hivi, kwa hiyo taa peke yake isiwaamulie.

Kuhusu kukubalika kwa tiba, dodoso la kuridhika la CSQ-8 mwisho wake ni alama 32, sisi wastani wetu ulikuwa 29. Nilifurahi, kisha nikajiuliza tumemuuliza nani? Waliobaki, tena wameulizwa na dada yuleyule aliyewahudumia, nani atamwambia usoni kwamba hapana? Tukamtuma mtu mwingine awatafute walioacha. Mama mmoja akamwambia kikao hakikuwa na shida, shida ni ile karatasi ya kuandika matatizo yako nyumbani, "mume wangu anasoma kila karatasi iliyoko kwenye mkoba wangu." Wengine wawili walisema karibu hivyohivyo. Hakuna swali kwenye CSQ-8 ambalo lingetuletea hilo.

Tukabadilisha, kazi ya nyumbani ikawa ya kukumbuka kichwani, unachagua tatizo moja ukiwa kikaoni na unalisimulia wiki inayofuata, karatasi inabaki kliniki kwenye kabati. Kwenye ripoti tukaandika njano, tukataja watatu wasiokuja, tukaeleza na lile suala la karatasi ya nyumbani. Yule wa 71 mpaka leo anasema tulijinyima kijani.