Chungu kimoja, sahani mbili: mlo wa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari na kijana anayekua

SWALI: Mume wangu ana miaka 52, ana kisukari aina ya pili na anatumia metfomini na glibenklamidi. Kijana wetu ana miaka 16, anacheza mpira kila jioni, na saa moja baada ya kula anasema njaa inamuuma. Nilikuwa napika vyakula viwili tofauti, nikachoka. Nikaamua wote tule chakula kidogo cha mgonjwa. Sasa kijana amekonda na baba yake anaamka usiku akitetemeka na kutoka jasho. Nipange vipi mlo?

JIBU: Dada yangu, naanza na kutetemeka kwa mumeo, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini hata kama mtu hakula vya kutosha. Wanga ukipunguzwa ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari hushuka kupita kiasi, na usiku ni hatari zaidi kwa kuwa saa za kukaa bila kula ni nyingi na aliyelala huchelewa kuzisikia dalili. Metfomini ikitumika peke yake mara chache huleta shida hiyo. Nendeni kwa daktari wake mapema iwezekanavyo, mkamweleze kwamba chakula kimepungua na mnaona dalili hizi, ili aangalie upya dozi. Msiipunguze wenyewe.

Kabla ya hapo, akitetemeka tena mpime papo hapo. Mashine ikisoma chini ya 4 mmol/L, au kama hamna mashine karibu, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya juisi. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, ale kitu chenye wanga kidogo. Akiwa amepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Sasa mlo. Chakula cha mwenye kisukari na cha kijana anayekua kinaweza kutoka chungu kimoja. Kinachotofautiana ni kiasi cha wanga kwenye sahani, na wanga ndicho kitu pekee ninachokuomba upime. Tafuta kikombe cha mililita 250 ukiache jikoni kwa kazi hiyo tu. Mwiko haufai kupimia, kwani mwiko wa leo na wa kesho haulingani, na mumeo anahitaji wanga unaokaribiana kila siku ili dawa na chakula viende pamoja.

Tuchukue chakula cha jioni: wali, maharage, samaki na mboga za majani. Kwa mumeo, nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe kipande cha samaki kinachotosha kiganja. Robo inayobaki weka robo tatu ya kikombe cha wali uliopikwa, uliosawazishwa juu, na pembeni nusu kikombe cha maharage. Wali huo una takribani gramu 35 za wanga na maharage kama 20, jumla 55. Kwa wanaume wengi wa umri wake kiasi hicho kwa mlo mmoja ni cha kuanzia, kisha vipimo vitaonyesha kama kinamfaa. Maharage yana wanga, lakini nyuzinyuzi zake hufanya sukari ipande polepole, usiyaondoe, yahesabu. Aanze kula mboga na samaki, wali uje mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kiasi sukari inavyopanda baada ya kula.

Kijana apakuliwe kutoka chungu hichohicho: vikombe viwili vya wali, kikombe kizima cha maharage, samaki vipande viwili, mboga, na glasi ya maziwa. Mvulana wa umri wake anayecheza mpira anahitaji karibu kalori 3,000 kwa siku, na hazipatikani kwenye sahani ya baba yake. Ile njaa ya saa moja baada ya kula mara nyingi hutokana na sahani yenye wanga mtupu au yenye chakula kidogo mno. Ongeza kwanza protini na mafuta mazuri: mayai, karanga, maziwa, maharage. Hivyo hukaa tumboni, na maziwa humpa kalisi anayojengea mifupa. Akirudi kutoka mazoezini apate mlo mdogo wake mwenyewe, mathalani vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi ya karanga, ndizi na maziwa. Usimpe soda kama njia ya kujaza kalori.

Asubuhi ni vilevile. Mayai na mkate ni vya wote: baba vipande viwili vya mkate, kijana vinne. Mchana ukipika viazi, kiazi kimoja kinachotosha ngumi ya mtu mzima kinakaribia wanga wa vile vipande viwili vya mkate. Ukishazoea ulinganisho huo, utabadilisha vyakula bila kubadilisha hesabu.

Palipo na shida mara nyingi ni mezani. Chungu kikiwekwa katikati, mzazi huongeza kijiko kimoja, kisha humalizia alichobakiza mtoto, na hayo hakuna anayeyahesabu. Pakulia jikoni. Nyongeza ya baba iwe mboga, ya kijana iwe chochote.

Utajuaje kama kiasi kimemfaa? Mpime kabla ya kula, halafu saa mbili tangu tonge la kwanza. Walio wengi hulengwa wawe kati ya 4.4 na 7.2 mmol/L kabla ya kula, na chini ya 10 baada yake, ila lengo alilowekewa na daktari wake ndilo la kufuata. Tazama namba zote mbili kwa pamoja. Akianza na 6.8 akafika 9.4, sahani iko sawa. Akianza na 6.8 akafika 12.6, wanga umezidi: punguza wali hadi nusu kikombe na upime tena siku nyingine kwa mlo uleule, baada ya kumuuliza daktari kwa sababu ya ile dawa. Lakini akianza na 9.7 akafika 11.5, chakula kimempandisha kidogo tu. Hapo kumnyima wali hakutatui kitu, kwani sukari ilishakuwa juu kabla hajala, na hilo ni suala la dawa. Andika vipimo vya wiki nzima na ulichopakua, uende navyo kliniki. Kama figo zake zimeshaguswa, uliza kwanza kuhusu kiasi cha samaki na maharage, maana mpango huu utabadilika.

Kwa kijana, mpime uzito kila mwezi. Akilishwa hivi, uzito unapaswa kurudi na kuendelea kupanda. Ukiona anakula sana na bado anakonda, anakunywa maji kupita kawaida na kuamka usiku kukojoa, usidhani ni mpira unaommaliza. Apimwe sukari siku hiyohiyo, kwa sababu kisukari aina ya kwanza huanza hivyo katika umri wake, na kikicheleweshwa kinaweza kumweka hatarini ndani ya siku chache.