ESR imepanda, CRP haijapanda: cheti cha namna hiyo kinasema nini?

Kwa kuwa ninafanya kazi maabara hapa Mtwara, ndugu na majirani huniletea vyeti vyao vya majibu, na vipimo viwili vinavyowatia hofu kuliko vingine ni ESR na CRP. Vyote viwili hupanda mwili unapokuwa na mchochota, yaani unapopambana na vijidudu au jeraha, au kinga inapogeukia viungo vya mwili wenyewe. Hata hivyo havipimi kitu kimoja, na pale vinapopingana ndipo mgonjwa anapopaswa kuuliza zaidi.

Mama yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 58, aliteremka kutoka Newala baada ya msimu wa korosho akilalamikia magoti. Cheti chake kilionyesha ESR 62, CRP 4 mg/L na hemoglobini 8.6. Muuzaji wa duka moja la dawa alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ana baridi yabisi, akamwuzia prednisoloni, dawa ya kupunguza mchochota, ambayo kwa bahati nzuri hakuwa ameanza kuimeza.

"Mwanangu, sitini na mbili si nyingi mno?" aliniuliza.

Ni nyingi, ila ilifaa kwanza ajue namba hiyo inavyopatikana. Damu iliyochanganywa na dawa ya kuizuia isigande huwekwa katika mrija mwembamba uliosimama wima, kisha baada ya saa moja tunasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mchochota huongeza protini ziitwazo faibrinojeni, ambazo huzifanya chembe hizo zishikamane kama sahani zilizopangwa kabatini, na kwa kuwa fungu ni zito kuliko chembe moja, hushuka upesi. Tatizo ni kwamba damu ikiwa chache chembe hushuka upesi hata bila mchochota wowote, kwa sababu hazizuiani njiani. Ujauzito na umri mkubwa pia huipandisha ESR. Kuna hesabu ya kukadiria ambayo kwa mwanamke hujumlisha umri na 10, kisha hugawanya kwa 2, kwa hiyo kikomo cha mama mdogo kilikuwa 34 na si 20 iliyochapwa kwenye cheti chake. Hata mrija ulioinama kidogo, au meza iliyo karibu na dirisha lenye jua la mchana wa huku kwetu, huongeza namba. Kinyume chake, mwenye selimundu anaweza kuwa mgonjwa sana na ESR yake ikabaki chini, kwa kuwa chembe zake hazipangiki.

CRP ni protini ya damu inayotengenezwa na ini, huanza kupanda saa chache tu baada ya mchochota kuanza, na chanzo kikiisha hupungua nusu kwa takriban saa 19. Ndiyo sababu mgonjwa wa nimonia anayepona huona CRP yake imeshuka ndani ya siku chache huku ESR ikibaki juu kwa wiki kadhaa, na kubaki huko peke yake si dalili kwamba dawa imeshindwa. Lakini CRP iliyopanda haitaji kiungo wala kijidudu. Malaria, jipu na upasuaji wa juzi vyote huipandisha. Angalieni pia kizio kilichoandikwa pembeni ya namba, maana 4 mg/dL ni sawa na 40 mg/L, na nimewahi kuona watu wakilinganisha vyeti vya maabara mbili bila kulitazama hilo.

Kwa mama mdogo, basi, ESR ya 62 pamoja na CRP ya 4, ambayo haijapanda, na hemoglobini ya 8.6, ambayo iko chini, vilielekeza macho kwenye upungufu wa damu kabla ya magoti. Daktari aliagiza choo kipimwe, yakaonekana mayai ya minyoo ya safura, akapewa albendazoli na vidonge vya madini chuma. Miezi mitatu baadaye hemoglobini ilikuwa 11.9 na ESR 30. Magoti yaliendelea kuuma, kwa kuwa picha ilionyesha gegedu limechakaa, jambo ambalo kwa kawaida halipandishi sana kipimo chochote kati ya hivi viwili.

Asitokee mtu akahitimisha kwamba CRP ikiwa chini hakuna ugonjwa. Katika lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, mara nyingi ESR hupanda huku CRP ikiwa ya kawaida, na ESR iliyozidi 100 hutafutiwa chanzo bila kusubiri, kifua kikuu na saratani zikiwamo. Prednisoloni nayo inaweza kuzishusha namba zote mbili na kuficha kinachotafutwa, kwa hiyo mweleze daktari kama unaitumia; lakini ukiwa umeshaitumia kwa wiki kadhaa usiiache ghafla, kwani kuiacha hivyo ni hatari. Unapokwenda kumwona, chukua vyeti vya zamani pia, hasa vile vyenye hemoglobini, na umwulize ESR hiyo ingekuwaje kama damu yako ingekuwa ya kutosha.