Mteja Alitaka Bango, Daftari Likasema Jumanne

Juzi binti mmoja kaniandikia kwamba anaanza fildi kwenye kampuni ya matangazo hapa Tanga, akauliza aende na nini. Nikamjibu kwa ufupi: nenda na daftari, na usiandike tangazo lolote kabla ya siku ya tatu. Akadhani namkejeli. Basi ngoja nieleze, maana mimi nililiandika siku ya pili.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili ghorofani, Ngamiani, chini wanauza vitenge. Jumatatu nilifagia na kubeba mabango. Jumanne akaja mama mmoja, mpishi wa shughuli. "Nataka bango kubwa kama la mwenzangu wa njia ya Raskazone," akasema, "na redioni nisikike. Arusi zote za mji huu zije kwangu." Bosi akanigeukia: andika.

Nikakesha. Nikaweka iliki, tui zito, pilau inayonukia mpaka baharini, na beti mbili za kumsifu bibi arusi. Nilijiona malenga. Asubuhi bosi akawasha saa ya simu, akaniambia nisome. Tangazo lilikuwa la sekunde 30. Mimi nilimaliza sekunde 71, tena nahema. Kwa Kiswahili sekunde 30 zinabeba maneno 60 hivi, ukisoma kama binadamu na si kama mnadi samaki. Mimi niliandika 150. Ofisi nzima ikacheka, na aliyecheka zaidi alikuwa na fildi yake mwaka mmoja tu kabla yangu. Miaka 9 imepita, kicheko kile nakisikia bado.

Lakini urefu ulikuwa kosa dogo. Kosa kubwa nililiona mchana, nilipotumwa kwa yule mama kupiga picha za masufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Subiri nikatoe sufuria kubwa."

Nikiwa nasubiri, nikaona daftari lake la oda mezani, limeachwa wazi, lina alama ya dole gumba ya manjano. Jumamosi na Jumapili zimejaa mpaka pembeni. Jumatatu hadi Alhamisi, karatasi nyeupe. Alipotoka nikamuuliza, mtu akija leo na arusi ya Jumamosi ijayo itakuwaje?

"Namrudisha. Mwezi huu nimerudisha watano. Mmoja kanitangaza kwamba najidai."

"Na Jumanne je, mama?"

Akacheka kidogo. "Jumanne tunakaa. Wapishi wanne wananitazama, na mshahara wao wa mwezi ni uleule."

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangazo langu, hata lingekuwa na maneno 60 matamu, lingemletea arusi za Jumamosi asizoweza kuzipika. Angelipa redio ili apate watu wa kuwarudisha, na kila anayerudishwa anaondoka na kinyongo. Alisema arusi kwa sababu arusi ndiyo kazi yenye sifa. Pesa zake zilikuwa zinavuja katikati ya wiki.

Usiku ule nikaandika upya: hitma, semina, chakula cha mchana cha maofisini, Jumatatu hadi Alhamisi, piga namba hii. Maneno 52. Arusi hazikutajwa hata mara moja. Tukamwambia anunue laini mpya ya simu, namba yake isitolewe popote ila kwenye tangazo, ili kila simu ikiita humo ajue ni redio iliyoleta. Bila hivyo ungebaki kuulizana "umetusikia wapi?", na watu hujibu lolote. Kwa wiki mbili laini ile iliita mara 19, zikatoka oda 7, na 5 kati yake za katikati ya wiki. Bosi alilisoma tangazo mbele ya mama kama lake. Sikusema kitu. Nasema leo.

Kwa hiyo binti yangu, mteja akikwambia anataka bango, usibishane naye na usikimbilie kompyuta. Muulize siku gani anakaa bure. Muulize huwa anamrudisha nani, na kwa nini. Omba kuona daftari, risiti, stoo, chochote ambacho hakikuandikwa kwa ajili yako. Ninyi vijana wa siku hizi mnapenda rangi na herufi kabla hamjajua duka linafungwa saa ngapi! Mimi pia nilikuwa hivyo, ndiyo maana nawagombeza.

Ila nisijisifu nikapitiliza, maana bango nilidhani limekufa. Mama alipokuja kumalizia deni lake akaliulizia tena. Tukamtengenezea dogo, mita 2 kwa 1, tukamshauri aliweke getini kwake. Akakataa. Akachagua mwenyewe kona, akalipia ada yake bila kunung'unika: pale ambapo yule wa Raskazone hupita kila asubuhi akienda sokoni.