Kumnyima Mjapani Sababu: Namna ya Kuomba Udhuru wa Harusi kwa Kijapani

Msomaji wangu mmoja wa Morogoro ameniandikia kunijulisha kwamba bibi harusi wa Nagoya amemjibu, na kwamba jibu lenyewe lilikuwa refu na la furaha kuliko alivyotarajia. Sitaficha kwamba nimejivuna kidogo, kwa sababu tafsiri niliyomfanyia ilikuwa imezua ubishi baina yetu. Yeye aliniletea barua nzuri ya Kiswahili, imeshiba, nami nikamrudishia mistari sita ya Kijapani ambayo haikumtaja mama yake mgonjwa hata kwa neno moja. Alidhani nimefanya uvivu.

Kisa chake ni hiki. Aliwahi kufundisha shule moja na binti wa Kijapani aliyekuja kujitolea, wakawa marafiki, na sasa rafiki huyo anaolewa. Mwaliko ulifika kwa posta, na ndani ya bahasha mlikuwa na kadi ndogo ya majibu kama ilivyo desturi ya huko. Dada yetu hawezi kusafiri kwa sababu mama yake amefanyiwa upasuaji wa nyonga na hakuna mwingine wa kumuuguza. Akaandika hivi:

"Dada yangu mpendwa, hongera sana sana! Nimeufurahia mno mwaliko wako. Kwa masikitiko makubwa naomba uniwie radhi, sitaweza kufika, kwa kuwa mama amefanyiwa upasuaji wa nyonga na mimi ndiye ninayemuuguza, tena kazini nimebanwa sana na mitihani. Nitakuja mara nyingine Mungu akipenda. Mwisho, nawaombea Mungu awajalie watoto, na kiwatenganishe kifo tu."

Kwa Kiswahili sina la kumsahihisha. Kwetu sisi udhuru usiokuwa na maelezo huonekana ni dharau, na kadiri maelezo yanavyokuwa mazito ndivyo aliyekualika anavyoamini kwamba ungekuja kama si hilo lililokufika. Ukimwambia tu kwamba umepata dharura, ataanza kujiuliza amekukosea nini. Ndiyo maana mfasiri anayeichukua barua hii na kuipeleka sentensi kwa sentensi, hata kama sarufi yake ya adabu haina dosari, atakuwa amepeleka kitu ambacho Mjapani atakisoma kwa kushtuka.

Kubwa zaidi ni mama. Ugonjwa na msiba havitajwi katika jibu la mwaliko wa harusi huko Japani, kwa sababu habari ya huzuni ikishaingia katika furaha ya mtu, yeye ndiye anayelazimika kuibeba. Kuna na jambo la vitendo ambalo wageni wengi hawalifikirii. Wajapani wana desturi ya kumpa pole mgonjwa kwa zawadi au fedha, waiitayo omimai, na bibi harusi akishajua kwamba mama wa rafiki yake yuko kitandani baada ya upasuaji, atajiona anawajibika kufanya jambo, katika wiki zile zile anazopanga viti na kujaribu nguo. Wewe ulitaka kumwonyesha kwamba unamheshimu, kumbe umemtwisha mzigo. Kwa hiyo sababu ya namna hii hufunikwa kwa maneno yaliyokwisha kuzoeleka, yamu o enai jijou, yaani mambo yasiyoepukika, na Mjapani akiyasoma hachokonoi. Anajua kwamba nyuma ya maneno hayo pana jambo zito, na kwamba umemstahi kwa kutolitaja. Si kila sababu hufichwa, lakini. Kama siku hiyo una harusi nyingine uliyoikubali mapema, au una safari ya nje iliyopangwa, unaweza kusema wazi.

Baada ya mama, nikaja kwenye kazi. Kusema kwamba umebanwa na kazi ni kosa mara mbili. Kwanza kunamwambia mwenye harusi kwamba kazi yako imeishinda siku yake. Pili, neno lao la kuwa na shughuli nyingi, isogashii, huandikwa kwa alama inayounganisha moyo na kupotea au kufa, na kwa sababu hiyo huepukwa katika barua za heri. Sentensi nzima ya mitihani niliifuta na sikuweka kitu mahali pake.

Hapo ndipo tunapoingia katika yale maneno ambayo Wajapani huyaita imikotoba, maneno ya mwiko. Katika harusi huepukwa chochote kinachogusa kukata, kuvunjika, kutengana, kurudi na kumalizika, na vilevile maneno yanayorudiwa, kwa kuwa marudio yanaashiria ndoa itakayorudiwa. Sasa itazame tena barua ya dada yetu kwa jicho hilo. "Sana sana" ni marudio. "Mara nyingine" inaonyesha jambo litakalotokea tena. "Mwisho", ambayo kwetu ni njia tu ya kufungia barua, ni mwiko ulio wazi. Na ile dua ya kwamba kifo pekee ndicho kiwatenganishe, ambayo kanisani kwetu huwatoa watu machozi, imebeba kifo na kutengana katika pumzi moja. Dua ya watoto nayo niliiacha, kwa sababu kumtakia mtu uzazi kwenye kadi itakayosomwa na familia mbili kunachukuliwa kuwa ni kuingilia mambo ya ndani.

Kilichobaki ni mistari sita, ambayo hapa nimeiandika kwa herufi zetu kama inavyochapwa kwenye kibodi ya Kijapani ya simu:

```
gokekkon makotoni omedetou gozaimasu
omaneki itadaki kokoroyori kansha moushiagemasu
zannnennnagara yamuwoenai jijouniyori
kesseki sasete itadakimasu
ofutarino suenagai oshiawasewo
tanzaniayori oinori moushiagemasu
```

Maana yake, kwa ufupi, ni kwamba nakupongezeni kwa dhati kwa ndoa yenu. Nashukuru kwa moyo wote kwa kualikwa. Kwa masikitiko, kutokana na mambo yasiyoepukika, naomba ruhusa ya kutokuwepo. Nikiwa Tanzania nawaombea nyinyi wawili furaha ya miaka mingi. Utaona kwamba pongezi na shukrani zimetangulia, kukataa kumekaa katikati, na dua imefunga. Mpangilio huo haugeuzwi. Utaona pia kwamba hakuna nukta wala mkato. Alama hizo huachwa katika barua za heri kwa sababu zinakata na kumaliza, na kazi yake hufanywa na kuanza mstari mpya au kuacha nafasi.

Adabu yenyewe imo kwenye vitenzi. Kijapani kina vitenzi vya kumpandisha mwenzako na vitenzi vya kujishusha wewe, na mgeni aliyejifunza kidogo hupenda kuvimwaga vyote bila kuangalia nani anafanya nini. Katika mistari hii kila kitendo changu kimeshushwa: moushiagemasu ni kusema au kuomba kwa mtu aliye juu yako, na sasete itadakimasu ni kupokea kwa unyenyekevu ruhusa ya kufanya jambo. Kutokwenda kwangu kunakuwa ni hisani niliyopewa na wenye harusi. Ukiandika tu kwamba huwezi kwenda, ikemasen, sarufi haina kosa, ila umemfungia mtu mlango usoni.

Kadi ya posta ina mtihani wake, na ndio unaowakwamisha hata watu waliokaa Japani. Imechapwa kwa maneno yanayokuheshimu wewe mgeni: kuhudhuria kwako, kutohudhuria kwako, anwani yako na jina lako, vyote vimetanguliwa na kiambishi cha heshima go. Mtu muungwana hairudishi heshima hiyo ikiwa bado imejibandika kwake. Kwa kalamu nyeusi na rula unachora mistari miwili juu ya neno zima la kuhudhuria, goshusseki, kisha unafuta ile go tu iliyo mbele ya kesseki, yaani kutohudhuria, na kuizungushia duara kesseki yenyewe. Kwenye anwani unafuta go, na kwenye jina, lililochapwa gohoumei, unafuta gohou na kuacha mei. Upande wa mbele, chini ya jina la mwenye harusi, pamechapwa yuki au ate. Unalifuta kwa mistari miwili na kuandika sama, neno la heshima, pembeni. Wino wa kijivu usiuguse, kwa kuwa ni rangi ya msiba. Stempu iliyobandikwa kwenye kadi haifanyi kazi nje ya Japani, kwa hiyo dada yetu aliitia kadi ndani ya bahasha yenye stempu za kwetu, na mistari sita akaitanguliza kwa simu.

Aliitanguliza baada ya siku chache, kwa agizo langu. Anayekubali mwaliko hujibu upesi, lakini anayekataa siku ile ile anaonekana kana kwamba alikuwa anangoja kukataa. Wiki moja inatosha. Kupitisha tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, ambayo kwa kawaida huwa kama mwezi mmoja kabla ya harusi, ni kosa kubwa zaidi, maana ukumbini kila mgeni ana kiti chenye jina lake, sahani yake na zawadi yake ya kuondokea. Kule hakuna kadi ya watu wawili inayomeza na shangazi.

Ndugu zangu mnaofasiri, na hapa naomba mnivumilie, acheni kuwaogopa wateja wanaohesabu maneno. Zamani mteja mmoja alinirudishia kazi ya namna hii hii, akasema amelipia ukurasa akapewa vipande, kisha akampa mtu mwingine ajazie sentensi "zilizopotea", ugonjwa na yote. Malipo yangu yalikatwa nusu. Bado linaniuma, na si kwa ajili ya fedha, bali kwa sababu barua ile ilikwenda, na mpokeaji Mjapani hawezi hata siku moja kukuambia kwamba umemkwaza. Atajibu kwa adabu na kunyamaza, nawe utadhani mambo ni shwari. Mfasiri anayekubali kuongeza ili alipwe amemuuza mteja wake.

Kuhusu zawadi, rafiki aliyehudhuria kwa kawaida hutoa yeni 30,000, na asiyehudhuria hutuma zawadi au fedha za kiasi cha 10,000. Fedha hazipelekwi kwa posta kutoka huku, kwa hiyo kitu kizuri kidogo kitumwe nyumbani kwao kabla ya siku yenyewe. Ukumbini kisipelekwe, watashindwa kukibeba.

Dada yetu aliniuliza kama basi atamficha rafiki yake habari ya mama milele. Hapana. Harusi ikishapita, na picha zikishaanza kuja, anaweza kumweleza kwa utulivu kwamba wakati ule mama alikuwa hajiwezi na sasa anatembea kwa fimbo. Ila kama mama atakuwa bado kitandani, asubiri kidogo zaidi.