Kitabu kinaandika nǐ hǎo, sikio linasikia ní hǎo

*Shikamoo mwalimu. Najifunza Kichina. Kitabu kinasema maneno yote mawili ya salamu "nǐ hǎo" yana toni ya tatu, lakini mwalimu wetu Mchina akitamka, nasikia la kwanza linapanda. Nani kakosea? Na je, Kiswahili kina jambo kama hili?*
— Msomaji, Dodoma

Marahaba. Hakuna aliyekosea. Kitabu kimeandika toni ya neno likiwa peke yake, na mwalimu wako ametamka toni ya neno likiwa na jirani.

Wataalamu hupima toni za Kimandarini kwa ngazi tano za sauti, 1 ikiwa ya chini kabisa na 5 ya juu kabisa. Kipimo hicho kilipendekezwa na mwanaisimu Yuen Ren Chao mwaka 1930. Toni ya kwanza hubaki juu (55), ya pili hupanda (35), ya tatu hushuka chini kisha ikainuka (214), na ya nne huporomoka kutoka juu (51). Sasa toni mbili za tatu zikifuatana bila kituo, ile ya kwanza huacha kwenda chini na kupanda kama toni ya pili:

```
3 + 3 → 2 + 3
```

Ndiyo maana "nǐ hǎo" husikika "ní hǎo". Hii huitwa sandhi ya toni. Angalia kwamba anayebadilika ni wa mbele, na anayembadilisha ni yule anayekuja nyuma yake. Wanafunzi wengi hugeuza mambo, wakapandisha "hǎo" na kuiacha "nǐ" ilivyo. Wengine huitamka "nǐ" kwa mzunguko wake wote wa kushuka na kuinuka. Mzunguko huo kamili husikika zaidi neno linapokuwa peke yake au mwisho wa kauli. Ikifuatwa na toni nyingine isiyo ya tatu, kama katika "lǎoshī" (mwalimu), toni ya tatu hushuka tu na kubaki chini (21).

Kanuni hii ina nguvu kiasi cha kufuta tofauti za maana. "Mǎi mǎ" ni kununua farasi na "mái mǎ" ni kuzika farasi. Kanuni ikishafanya kazi, "mǎi" hupanda, na kauli hizo mbili husikika sawa hata kwa Mchina mwenyewe. Muktadha ndio utakaomwambia kama farasi yu hai.

Utamu uko kwenye silabi tatu. Chukua "zhǎnlǎnguǎn", jengo la maonyesho, toni zote ni za tatu. Maana imefungwa hivi: "zhǎnlǎn" (maonyesho) kwanza, halafu "guǎn" (jengo). Anza ndani: "zhǎn" inakutana na "lǎn", inapanda. Kisha "lǎn" inakutana na "guǎn", nayo inapanda. Unapata 2-2-3. Linganisha na "xiǎo lǎoshǔ", panya mdogo. Hapa "lǎoshǔ" (panya) ndiyo imefungwa kwanza, kwa hiyo "lǎo" inapanda. Ukija kwenye "xiǎo", jirani yake si toni ya tatu tena, amekwisha kuwa ya pili! Basi "xiǎo" haina sababu ya kupanda, na unapata 3-2-3. Toni zilizoandikwa ni zilezile, ila mpangilio wa maana umeleta matamshi mawili. Mtu akisema haraka anaweza kupandisha "xiǎo" pia, na hapo usimsahihishe. Akiweka kituo kati ya maneno, kanuni huenda isivuke kituo hicho.

Katika mtihani wa kuandika, andika nǐ hǎo. Tahajia ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa kawaida haionyeshi badiliko hili, na hapo ndipo Kiswahili kinatupotosha, kwa sababu sisi huandika badiliko la sauti moja kwa moja. Kiambishi n- kikikutana na "-refu" tunaandika "ndefu", na wingi wa "ulimi" ni "ndimi". Hakuna anayeandika "nrefu" akimwachia msomaji aibadilishe mwenyewe.

Ama kwa toni zenyewe, Kiswahili sanifu hakina. Tuna mkazo, kwa kawaida kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kiimbo kinachotenga "Amekuja." na "Amekuja?". Pasipo toni hapana sandhi ya toni. Ila ndugu zetu wengi wa Kibantu wanazo. Katika Kirundi, kwa mfano, toni mbili za juu zikikaribiana, ya pili huweza kushuka. Wanaisimu huiita Kanuni ya Meeussen. Tazama tofauti: huko anayeachia nafasi ni wa nyuma, kwa Wachina ni wa mbele.

Ukitaka kujipima, jirekodi kwenye simu ukisema "nǐ hǎo", kisha sikiliza silabi ya kwanza tu. Ikiisha juu kuliko ilivyoanza, umepata.