Fowadi ya dola kwa deni la mashine

"Tumekopa mashine ya kubangua korosho hapa Mtwara, dola 10,000, tukafunga fowadi na benki, yaani ahadi ya kununua dola hizo siku ya kulipa kwa shilingi 2,620 kila moja. Naandikaje mpaka kulipa?"

Siku ya kwanza mashine debiti, mdai krediti, milioni 26 kwa bei ya siku, 2,600. Fowadi bado haina thamani, usiiguse. Desemba 31 dola ikifika 2,650, deni linakula hasara 500,000. Fowadi ya muda uliobaki ikiwa 2,660, debiti mali ya fowadi 400,000, krediti faida (punguzo la muda nimeliacha). Siku ya kulipa, dola ikiwa 2,680: hasara ya deni 300,000 zaidi, faida ya fowadi 200,000 zaidi. Sasa benki ipe milioni 26.2, futa fowadi 600,000, mdai wa milioni 26.8 kwisha.

– Kaka, si bora deni uliandike milioni 26.2 tangu mwanzo?

– Hapana dada, mkaguzi atalirudisha. Ile 200,000 inayozidi milioni 26 ni gharama ya fowadi, si bei ya mashine.

– Sisi Lindi tunauza ufuta kwa dola, ni hivyohivyo?