Nina skrinshoti ya pepa ya hesabu yenye alama za kila swali. Nigawe vipi masaa ya kusoma?

"Wakuu habari. Narisiti hesabu ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimetumiwa skrinshoti ya pepa, kila swali lina alama zake. Nashinda dukani, nina masaa kama 40 tu mpaka mtihani. Kila mada niipe masaa mangapi?"

Mkuu, nilirisiti hesabu hiyo hiyo nikiwa na kibarua, na nilianza vibaya. Nilichukua masaa 40 nikagawa kwa alama 100, nikapata dakika 24 kwa alama. Swali la alama 6 likapewa masaa mawili na dakika 24, la alama 10 masaa manne. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Nilipoikagua nikagundua ningekaa masaa mawili na zaidi kwenye makadirio na sehemu, vitu ninavyovijua tangu shule ya msingi, huku matriksi zikinisubiri.

Kabla ya chochote, jumlisha alama kwenye hiyo skrinshoti. Sehemu A ni maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali 4 ya alama 10, jumla 100. Ukipata pungufu, kuna ukurasa umekatwa. Ukipata 120, hiyo ni pepa ya zamani ya kuchagua maswali manne kati ya sita sehemu B, usiitumie kupangia masaa. Halafu angalia (a) na (b): mara nyingi swali moja limebeba mada mbili. La 14, kwa mfano, huweza kuwa na fanksheni juu, na chini yake lile la kutafuta faida kubwa kwa kuchora grafu. Alama za vipengele zisipoandikwa, mimi hukata nusu kwa nusu.

Sasa ifanye hiyo pepa yenyewe kwa masaa matatu, simu mbali, kisha jisahihishe bila huruma. Unachogawia masaa ni alama ulizopoteza, siyo zilizoandikwa. Mimi nilipata 41, yaani D, na C inaanzia 45. Zilizopotea 59 nilizipitia moja moja nikiuliza: hapa nilikuwa sijui, au nilijua nikateleza?

Alama 16 zilikuwa za kuteleza. Kwenye takwimu, nikitafuta mediani ya data zilizowekwa kwenye makundi, nilichukua 60 badala ya 59.5 kama mpaka wa chini wa kundi la 60 hadi 69. Jibu likaharibika, na nilipofukua daftari la zamani nikakuta kosa lile lile mara tatu. Kosa la namna hiyo halihitaji masaa manne ya takwimu. Nilitenga dakika 15 kwa kila alama, jumla masaa manne kwa zote 16.

Zikabaki 43 ambazo kweli nilikuwa sijui. Hapo inabidi uwe na roho ngumu. Alama 17 niliziacha kabisa: kuthibitisha pembetatu kuwa sawa, dunia kama tufe, na vipande vingine ambavyo kwa muda wangu visingeingia. Nikabaki na alama 26 za kufukuzia.

Kati ya masaa 40, bila kuhesabu ile pepa ya kujipima, 10 nilikuwa nimeyafungia pembeni kwa pepa mbili nzima za majaribio, kila moja masaa matatu ya kufanya na mawili ya kusahihisha. Toa na yale manne ya makosa, nabaki na masaa 26 kwa alama 26, saa moja kwa alama. Matriksi na maumbo kuhamishwa masaa 8, swali la 14 masaa 7, logarithimu 4, vekta 4, mfululizo wa namba 3.

Pepa ya kwanza ya majaribio niliiweka katikati, siyo mwisho, na ndiyo iliyookoa mpango. Swali la 13, lile la matriksi, nilipata 9. La 14, ambalo nilishalitumia masaa matano, nikapata 4. Grafu nilichora safi, ila maneno "isipungue" na "isizidi" nilikuwa nayageuza alama kinyume, kwa hiyo eneo zima nililotia kivuli lilikuwa la uongo. Masaa mawili yaliyobaki sikuchora grafu hata moja. Nilichukua maswali ya miaka mingine nikaandika zile alama za kubwa na ndogo tu, naangalia jibu, naenda lingine.

Pepa moja haikuonyeshi kila kitu, kwa hiyo tafuta mbili nyingine za mpangilio huo huo wa maswali 14. Mada iliyotokea zote tatu usithubutu kuiacha, hata kama unaichukia. Iliyotokea mara moja ndiyo ya kutupa kwanza.

Pepa ya pili ya majaribio nilipata 58. Mtihani wenyewe ulinipa C.